Jina la juu kwenye karatasi ya kura: faida inatoka wapi, na inaweza kugawanywaje

Mwaka 1937 chama cha Leba cha Australia kilisimamisha wagombea wanne wa Seneti katika jimbo la New South Wales. Majina yao ya ukoo yalikuwa Amour, Armstrong, Arthur na Ashley. Hilo halikuwa sadfa. Sheria ya wakati ule ilipanga makundi ya wagombea kwa alfabeti, kwa hiyo kundi lililojaa majina ya A lilitangulia mengine yote kwenye karatasi ya kura. Wote wanne wakachaguliwa. Huwezi kusema kwamba herufi peke yake ndiyo iliyowapa ushindi, kwa sababu chama chao kilikuwa na wafuasi wengi, lakini wabunge walielewa kilichofanyika. Kufikia mwaka 1940 utaratibu huo ulikuwa umefutwa na nafasi ya kila kundi ikawa inaamuliwa kwa droo.

Mpangilio wa majina kwenye karatasi ya kura haukwepeki. Lazima jina moja liwe juu, na utafiti wa miongo mingi unaonyesha kwamba anayekaa pale juu hupata kura za ziada ambazo hakuzifanyia kazi. Swali la maana, basi, ni kura hizo za ziada apewe nani.

Australia ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu tatizo lenyewe linaonekana waziwazi. Kupiga kura katika uchaguzi wa taifa ni lazima tangu sheria ya mwaka 1924, na katika uchaguzi wa Baraza la Wawakilishi mpiga kura hatii alama moja tu. Anawapa namba wagombea wote, 1 kwa anayempenda zaidi, 2 kwa anayefuata, mpaka wa mwisho. Mtu asiyefuatilia siasa, aliyefika kituoni kwa kuogopa faini, anaandika 1 juu kabisa, kisha 2, 3, 4 akishuka moja kwa moja. Waaustralia huiita kura ya punda. Ni kura halali, inahesabiwa kama nyingine zote, na anayefaidika ni aliyewekwa juu. Amy King na Andrew Leigh walichunguza chaguzi za Australia kuanzia mwaka 1984 hadi 2004, wakakuta kuwa juu kunamwongezea mgombea takriban asilimia moja ya kura zote. Katika jimbo la uchaguzi lenye wapiga kura 100,000, hiyo ni kura 1,000, na yapo majimbo ambayo mshindi hupatikana kwa tofauti ndogo kuliko hapo.

Usidhani kwamba jambo hili ni la watu waliolazimishwa kupiga kura tu. Marekani hakuna anayelazimishwa, na bado linatokea, tena mara nyingine kwa nguvu zaidi. Joanne Miller na Jon Krosnick walisoma matokeo ya mwaka 1992 katika kaunti tatu za Ohio, jimbo ambalo majina huzungushwa kutoka eneo moja la kupigia kura hadi lingine. Kati ya vinyang'anyiro 118 walivyovipima, karibu nusu vilionyesha athari ya mpangilio, na faida ya kuwa wa kwanza ilikuwa wastani wa asilimia 2.5. La muhimu kuliko wastani huo ni mahali faida ilipoongezeka: pale ambapo chama cha mgombea hakikuandikwa kwenye karatasi, pale ambapo hapakuwa na mgombea anayetetea kiti chake, na pale ambapo kampeni hazikutangazwa sana.

Hapo ndipo unapoona chanzo chake. Mpiga kura anayemjua anayemtaka humtafuta popote alipo. Asiyemjua yeyote anasoma kutoka juu, na akikutana na jina ambalo halimkeri, anaona linatosha. Anaweza kupata sababu ya kumkubali wa kwanza kabla hajafika kwa wa tano. Karatasi ikiwa ndefu, yenye vinyang'anyiro vingi pamoja kama za Marekani, uchovu unaongeza hali hiyo: kufikia kinyang'anyiro cha kumi na tano, cha ujaji au bodi ya shule, hata mtu makini ameanza kuchoka. Kwa hiyo katika uchaguzi wa rais, ambapo kila mtu ana mtu wake, nafasi ya juu haina thamani kubwa. Thamani yake iko kwenye udiwani, kwenye bodi, na hasa kwenye kura za mchujo ndani ya chama, ambapo wagombea wote wanatoka chama kimoja na nembo haimsaidii mpiga kura kuwatofautisha.

Daniel Ho na Kosuke Imai walilithibitisha hilo kwa chaguzi za California za mwaka 1978 hadi 2002. Katika uchaguzi mkuu, wagombea wa vyama viwili vikubwa hawakuguswa kwa kiasi cha kuonekana, bali wa vyama vidogo ndio waliofaidika wakiwekwa juu. Katika kura za mchujo, kila mtu alifaidika, na watafiti hao walikadiria kwamba hadi asilimia 12 ya michujo waliyoichunguza huenda ingepata mshindi mwingine kama mpangilio ungekuwa tofauti.

Swali la haki kuuliza ni jinsi gani mtu anaweza kupima kitu kama hiki. Majina yakipangwa kwa alfabeti kila mwaka, huwezi. Mgombea anayeanza na A akishinda, hujui kama ni nafasi yake, sera zake, au ukoo wake unaofahamika. Kipimo kinapatikana pale tu ambapo mgombea yuleyule, katika uchaguzi uleule, yuko juu kwenye baadhi ya karatasi na chini kwenye nyingine, na bahati ndiyo iliyoamua ni zipi. Ohio na California zilitoa nafasi hiyo bila kukusudia kufanya utafiti. Walizungusha majina kwa ajili ya haki, na kwa kufanya hivyo wakatuachia rekodi inayoonyesha ukubwa wa tatizo.

Kabla ya kuzungumzia tiba, niiondoe dhana moja. Wengi huona alfabeti kama njia isiyopendelea, kwa sababu hakuna aliyeichagua kwa nia mbaya. Mwaka 1986 Mahakama Kuu ya Ireland ilisikiliza shauri la mtu aliyeitwa O'Reilly, ambaye kwa jina lake alikuwa akikaa chini kila mara, na mahakama ikaamua kwamba alfabeti haivunji katiba. Sikubaliani na mantiki ya namna hiyo, kwa kuwa alfabeti ni upendeleo wa kudumu. Droo mbaya inakuumiza mara moja, lakini alfabeti inamuumiza mtu yuleyule, na watoto wake, katika kila uchaguzi atakaogombea. Mahali ambapo majina ya kabila au eneo fulani huanza na herufi zinazofanana, inaweza kuumiza jamii nzima. Kuweka aliyeko madarakani juu ni kubaya zaidi. California iliwahi kuwa na miji iliyofanya hivyo, mpaka Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilipokataza katika kesi ya Gould dhidi ya Grubb mwaka 1975, na uamuzi huohuo ukaigusa pia alfabeti.

Tiba ya kwanza ambayo watu huifikiria ni droo. Australia ilianza kuitumia pia kwa Baraza la Wawakilishi mwaka 1984, na inafanywa hadharani baada ya muda wa kurudisha fomu kufungwa. Mipira yenye namba inazungushwa kwenye chombo, na anayetoa amefungwa macho. Droo inachezeshwa mara mbili. Ya kwanza inampa kila mgombea namba, na ya pili inaamua namba ipi ikae wapi kwenye karatasi. Sababu ya kurudia ni ya kiusalama: mtu akifaulu kuvuruga droo moja, hajapata chochote, maana namba aliyoilenga bado haijulikani itaangukia wapi.

Droo hii ni safi kabisa, na bado haigawi chochote. Inampa kila mgombea nafasi sawa ya kubahatika, kisha inamkabidhi mmoja faida yote. Kwa chama kinachosimamisha watu katika majimbo 150, bahati njema hapa na bahati mbaya pale vitaelekea kufutana. Kwa mgombea binafsi katika jimbo moja hakuna cha kufutana. Akipoteza droo anaanza nyuma kwa kura 1,000, na kumwambia kwamba asubuhi ile alikuwa na nafasi sawa na wenzake hakumrudishii hata moja. Kwa hiyo lazima tutofautishe usawa wa bahati na usawa wa mgawo. Droo inatoa ule wa kwanza. Ili kupata wa pili lazima majina yazunguke kwenye karatasi zenyewe.

California ilichanganya yote mawili. Siku ya 82 kabla ya uchaguzi, ofisi ya katibu wa jimbo huandaa alfabeti mpya. Kila herufi huandikwa kwenye kipande chake cha karatasi, ikawekwa kwenye kidonge kisichoonyesha ndani, vyote vya uzito, rangi na umbo moja, kisha hutikiswa na kutolewa kimoja kimoja. Mpangilio unaopatikana ndio alfabeti ya uchaguzi huo, na unatumika kwa kila herufi ya jina la ukoo, si ya kwanza tu. Kwa nafasi zinazogombewa na jimbo zima, wagombea hupangwa kwa alfabeti hiyo katika wilaya ya kwanza kati ya wilaya 80 za bunge la jimbo. Katika wilaya ya pili aliyekuwa juu hushuka chini kabisa na wengine wanapanda hatua moja, na hivyo hivyo hadi wilaya ya 80.

Mfumo huu ulipimwa vikali tarehe 7 Oktoba 2003, wapiga kura walipoitwa kuamua kama wamwondoe gavana Gray Davis na nani achukue nafasi yake. Alfabeti iliyotoka kwenye vidonge ilianza na R, W, Q, O, J, M, na S ya mgombea maarufu, mwigizaji Arnold Schwarzenegger, ikawa ya kumi na moja. Wagombea walikuwa 135. Fanya hesabu: wilaya 80, wagombea 135, na kila wilaya ina nafasi moja ya juu. Wagombea 55 hawakupata kuwa wa kwanza mahali popote katika jimbo zima. Na hata wale 80 hawakugawiwa kitu kimoja, kwa sababu wilaya hazifanani. Mgombea wa kihafidhina aliyekuwa juu katika wilaya ya San Francisco alipewa nafasi ya juu mbele ya watu ambao wasingempa kura hata kama jina lake lingeandikwa kwa wino wa dhahabu, na mwenzake aliyeangukia wilaya ya wakulima wa bondeni alipata wasomaji walio tayari kumsikiliza.

Kasoro hiyo inatokana na ukubwa wa kipande kinachozungushwa. Kadiri maeneo yanavyokuwa makubwa na machache, ndivyo mgawo unavyotegemea bahati. Ohio, kwa kuzungusha kwenye maeneo madogo ya kupigia kura, hupata mgawo ulio karibu zaidi na usawa. Ukilifuata wazo hili hadi mwisho wake, unafika kwenye karatasi moja moja: majirani wawili waliopanga foleni kwenye kituo kimoja wapewe karatasi zenye mipangilio tofauti. Hivyo ndivyo Tasmania inavyofanya.

Tasmania ni kisiwa kusini mwa Australia, na bunge lake huchaguliwa kwa mfumo uitwao Hare-Clark. Kuna majimbo matano ya uchaguzi, kila moja likitoa wabunge kadhaa, na tangu mwaka 2024 ni saba kila jimbo. Kila chama kina safu yake kwenye karatasi, majina ya wagombea wake yakiwa yamepangwa wima. Mpiga kura anawapa namba watu, si chama, na kura inaweza kuhama kutoka kwa mgombea aliyekwisha kushinda au kutolewa kwenda kwa anayefuata. Kwa hiyo wagombea wa chama kimoja wanashindana wao kwa wao, na kuwa juu ya safu ya chama kikubwa kulikuwa faida kubwa.

Mbunge wa chama cha Liberal kutoka jimbo la Bass, Neil Robson, alipendekeza mwaka 1979 kwamba majina ndani ya kila safu yazungushwe kutoka karatasi hadi karatasi. Utaratibu huo ulitumika kwa mara ya kwanza mwaka 1980 katika uchaguzi wa marudio wa Denison, na mpaka leo unabeba jina lake. Jimbo la mji mkuu, Canberra, lilipoanza kutumia Hare-Clark mwaka 1995 liliuchukua pia. Safu za vyama zenyewe hazizunguki. Nafasi ya kila safu huamuliwa kwa droo na inabaki palepale kwenye karatasi zote, kwa hiyo kinachogawanywa ni faida ndani ya chama, ambako ndiko ilikokuwa kubwa.

Sasa tuingie kwenye jambo ambalo hata wanaounga mkono mzunguko hulisahau. Kuzungusha majina ovyo kunaweza kuonekana kwa haki kabisa na bado kumpendelea mtu mmoja. Tuchukue mfano wa kubuni: safu yenye wagombea wanne, Asha, Baraka, Chiku na Daudi, na karatasi 12,000. Njia rahisi ni kumshusha wa juu hadi chini kila mara:

Toleo la 1: Asha, Baraka, Chiku, Daudi
Toleo la 2: Baraka, Chiku, Daudi, Asha
Toleo la 3: Chiku, Daudi, Asha, Baraka
Toleo la 4: Daudi, Asha, Baraka, Chiku

Kila toleo linachapwa mara 3,000, na kila mgombea amekuwa juu kwenye robo ya karatasi. Ikiwa wapiga kura 600 wanaandika 1 juu bila kusoma, kila mgombea anapata 150. Mpaka hapo sawa. Lakini mtazame aliye chini ya Asha. Kwenye toleo la 1 ni Baraka, la 3 ni Baraka, la 4 ni Baraka. Kwenye toleo la 2 Asha yuko mwisho, na anayerudi juu ya safu kutafuta wa kumpa namba 2 anamkuta nani? Baraka.

Sasa tuseme Asha ni maarufu, na watu 6,000 wamempa namba 1 kwa moyo wao wote. Kati yao 600 hawawajui wengine, kwa hiyo wanashuka tu na kumpa namba 2 anayefuata. Kura ya Asha inapohama, zile 600 zote zinakwenda kwa Baraka. Chiku na Daudi hawapati hata moja, ingawa kila mmoja wao amekaa juu mara nyingi sawa na Baraka. Hata ukiacha suala la jirani na kuangalia nani yuko juu ya nani, Asha yuko juu ya Baraka kwenye matoleo matatu kati ya manne. Mnyororo haukukatika, umesukumwa tu.

Dawa yake ni kuchagua mipangilio ambayo inagawa majirani pia, pamoja na nafasi. Kwa wagombea wanne, hii inafanya kazi:

Toleo la 1: Asha, Baraka, Daudi, Chiku
Toleo la 2: Baraka, Chiku, Asha, Daudi
Toleo la 3: Chiku, Daudi, Baraka, Asha
Toleo la 4: Daudi, Asha, Chiku, Baraka

Hapa kila mgombea anakaa kila nafasi mara moja. Chini ya Asha yuko Baraka mara moja, Daudi mara moja na Chiku mara moja, na ni hivyo kwa kila mmoja wao. Chukua wawili wowote, utakuta kila mmoja yuko juu ya mwenzake mara mbili. Kimebaki kitu kidogo: kwenye toleo la 3 Asha yuko mwisho, na anayerudi juu anamkuta Chiku, kwa hiyo katika zile kura 600 Chiku anapata 300 huku Baraka na Daudi wakipata 150 kila mmoja. Njia ya uhakika ya kulimaliza kabisa ni kutumia mipangilio yote inayowezekana, ambayo kwa watu wanne ni 24, kwa watano ni 120, na kwa saba ni 5,040. Hakuna mchapaji atakayefurahia hiyo ya mwisho, kwa hiyo tume huchagua idadi ya matoleo inayosawazisha kinachoumiza zaidi. Canberra ilipitia njia hii hii: ilianza na matoleo machache, ikagundua kwamba kura za kushuka moja kwa moja bado zinampendelea aliye chini ya mgombea maarufu, na kuanzia uchaguzi wa 2001 ikaongeza matoleo hadi 60.

Ukichapa matoleo mazuri na kuyasambaza vibaya, umepoteza kazi yote. Kosa la kawaida linaanzia kwenye karakana ya uchapaji, toleo la 1 likichapwa lote kwanza, kisha la 2, na vitabu vya karatasi vikafungwa kwa mfuatano huo. Kitabu kizima kinachokwenda kituo kimoja kinakuwa toleo moja, na mgawo wa karatasi kwa karatasi unageuka kuwa mgawo wa kituo kwa kituo bila yeyote kutangaza. Matoleo lazima yachanganywe kabla ya kufunga vitabu, ili karatasi ya kwanza iwe toleo la 1, ya pili toleo la 2, na kuendelea. Wakala wa chama anaweza kulikagua hili kwa kufunua karatasi chache mfululizo kitabu kinapofunguliwa asubuhi. Jina la juu likiwa lilelile kwenye zote, kuna tatizo.

Kosa la pili linatokea wakati wa kuhesabu. Mhesabuji aliyekwisha kupitia karatasi mia mbili huanza kuangalia mahali alama ilipo badala ya jina lililo mbele yake. Kwa karatasi zilizopangwa namna moja anasalimika. Kwa karatasi zinazozunguka, kila kura aliyoipanga kwa mazoea imekwenda kwa mtu asiyestahili. Kinga yake ni mhesabuji kusoma jina kwa sauti na mwenzake kulithibitisha, au kutenganisha karatasi kwa matoleo kwanza kabla ya kuzihesabu. Njia hii ya pili ina faida nyingine: ukijumlisha kura kwa kila toleo, unapata kipimo chako mwenyewe cha athari ya nafasi. Daudi akipata asilimia 22 kwenye matoleo matatu na asilimia 27 kwenye lile alilokaa juu, na karatasi zilikuwa zimechanganywa vizuri, hizo asilimia tano ni za nafasi, si za Daudi. Palipo na mashine za kusoma karatasi, kila toleo liwe na alama ambayo mashine inaitambua, na mashine ijaribiwe kwa karatasi za kila toleo, si toleo moja.

Kuna pingamizi moja dhidi ya mzunguko ambalo nalichukulia kwa uzito mkubwa kuliko gharama za uchapaji. Mahali pengi wagombea hufanya kampeni kwa nafasi au namba yao. Katika uchaguzi wa rais wa Kongo mwaka 2023, Félix Tshisekedi alikuwa namba 20 na Moïse Katumbi namba 3, na namba hizo zilikuwa kwenye mabango, fulana na nyimbo. Kwa mtu asiyesoma, au ambaye macho yake hayaoni vizuri, namba isiyobadilika ni msaada wa kweli. Hali ni hiyo kwa mpiga kura asiyeona anayetumia kifaa chenye matundu kinachowekwa juu ya karatasi na ambaye ameambiwa ahesabu matundu hadi la tatu. Karatasi zikizunguka, maelekezo yote ya namna ya "wa pili kutoka juu" yanakuwa mtego, na anayenaswa ni mpiga kura mnyonge. Picha na nembo za vyama, kama zilivyo kwenye karatasi za Kenya na Tanzania, zinapunguza tatizo hilo lakini hazimsaidii asiyeona. Pale ambapo hakuna njia ya kumsaidia bila kuvunja siri ya kura yake, ningekubali mpangilio mmoja uliowekwa kwa droo na kuchapwa mapema, huku nikijua faida imemwendea mmoja. Kura inayokwenda kwa mtu ambaye mpiga kura hakumkusudia ni hasara kubwa kuliko nafasi isiyogawanywa sawa.

Kwa uchaguzi wa rais, kwa hiyo, sioni haja ya kuhangaika na mzunguko, maana faida ni ndogo na watu wanamjua wanayemtaka. Ningeuanzia kwenye mchujo wa chama ngazi ya kata, uchaguzi wa bodi ya ushirika, na uchaguzi wa viongozi wa vyama vya wafanyakazi, ambako majina hayana nembo, kampeni ni za siku chache, na wapiga kura wengi wanayaona baadhi ya majina kwa mara ya kwanza pale kwenye chumba cha kura. Huko mzunguko ni rahisi pia. Wagombea wanne na wapiga kura 800 wanahitaji matoleo manne ya karatasi, 200 kila moja, yakiwa yamechapwa kwenye mashine ya kawaida ya ofisi na kuchanganywa mbele ya mawakala. Namba ya toleo iandikwe kwa maandishi madogo kwenye kona, karatasi zitenganishwe kwa toleo kabla ya kuhesabu, na jedwali la kura kwa kila toleo libandikwe mlangoni pamoja na matokeo, ili aliyeshindwa kwa kura kumi aweze kuona mwenyewe kama nafasi ilihusika.